Katoni ya 400: jinsi kamisheni ilivyowafundisha vijana wa mauzo kupiga

Kuna biashara moja ya usambazaji hapa Arusha, stoo iko maeneo ya Unga Limited, jina naliweka pembeni. Wanauza sabuni ya unga kwa katoni, wana vijana wa mauzo 6 na kila mmoja ana bajaji ya mizigo na eneo lake: Kilombero na mjini kati, Sakina hadi Ngaramtoni, Moshono na Kijenge, Kwa Mrombo, Tengeru hadi Usa River, halafu Kisongo kuelekea Monduli. Mimi kwenye hii biashara ni mtu wa hesabu, na kisa nakileta kwa sababu naona mtindo uleule wa kamisheni kwa wasambazaji kibao, na wengi wanadhani shida yao ni vijana wasio waaminifu wakati shida imeandikwa kabisa kwenye karatasi ya kamisheni.

Namba nimezizungusha kidogo ili zifuatilike, na bei zote ni bila VAT. Katoni wanainunua 36,000 wanaiuza 40,000 kwa duka lolote, jumla au reja reja, so faida ghafi ni 4,000 kwa katoni. Kijana analipwa mshahara 250,000 na mafuta ya bajaji kama 180,000 kwa mwezi. Kamisheni ndo ilikuwa hivi: ukiuza chini ya katoni 400 kwa mwezi unapata asilimia 1 ya mauzo, ukifika 400 unapata asilimia 3, na hiyo 3 inahesabiwa kuanzia katoni ya kwanza. Mama mwenye biashara aliiweka hivyo kwa nia nzuri kabisa, alitaka vijana wakimbie, na kweli walikimbia, mauzo yalipanda mpaka akawa anafikiria kuajiri wengine wawili.

Sasa chukua kikokotoo. Kijana aliyefunga mwezi na katoni 399 ameuza 15,960,000, asilimia 1 yake ni 159,600. Mwenzake mwenye 400 ameuza 16,000,000, asilimia 3 yake ni 480,000. Katoni moja tu, yenye faida ya 4,000 kwa kampuni, inamlipa kijana zaidi ya laki tatu na ishirini. Wewe ungekuwa kijana, tarehe 28 uko na katoni 370, unafanyaje? Unaenda kwa mtu wa jumla Kilombero unamwambia chukua katoni 30 leo, bei ya risiti ni 40,000 ila mimi nakurudishia 3,000 kwa kila katoni mkononi. Kijana anatoa 90,000 mfukoni, anapata 480,000 badala ya 148,000, anabaki na faida nono na kila mtu kafurahi. Risiti ni halali, pesa imeingia kampuni kamili, mzigo umetoka kweli. Ukikagua makaratasi hukuti kosa lolote.

Kosa utalikuta dukani. Nilienda na supavaiza Moshono kwa Mangi mmoja ambaye alikuwa anachukua katoni 2 kila wiki halafu akaacha ghafla, na kwenye ripoti ya kijana iliandikwa tu "duka limepunguza mzunguko". Mangi yuko zake nyuma ya nondo anapima sukari, sabuni yetu imepangwa nyuma yake katoni tatu mpya kabisa. Supavaiza akamuuliza, Mangi vipi mbona umetutupa? Akasema, "Bro mimi Kilombero naipata 38,500, kijana wenu ananiletea 40,000, sasa nichukue yake kwa lipi? Nauli ya boda nagawana na jirani." Na hesabu yake imenyooka, mtu wa jumla kaipata kwa 37,000 ya kimyakimya, anaiachia 38,500, anakula 1,500 bila jasho. Maana yake kamisheni iliyotakiwa imsukume kijana akafungue maduka mapya imegeuka punguzo la bei kwa mtu wa jumla, na hilo punguzo ndo linaua maduka ya vijana wengine watano. Kijana wa Moshono hajaiba chochote, ameuliwa soko na mwenzake wa mjini, halafu mwisho wa mwezi na yeye hana namna, anaenda Kilombero kufanya vilevile ili aokoe 400 yake.

Mama alipoambiwa hakuamini, na ni haki yake maana maneno ya Mangi mmoja si ushahidi. Ushahidi ulikuwa kwenye mauzo ya siku kwa siku, ambayo kila msambazaji anayo na karibu hakuna anayeyaangalia kwa sababu wote tunaangalia jumla ya mwezi. Mwezi una siku za kazi kama 26, siku 3 za mwisho zingetakiwa kubeba asilimia 11 au 12 ya mauzo, sawa tuseme 15 kwa sababu watu wanapata mishahara. Kijana mmoja aliyefunga na katoni 404 alikuwa ameuza 155 kwenye siku 3 za mwisho, hiyo ni asilimia 38, na karibu zote kwa wateja wawili. Kitu cha pili, ukipanga matokeo ya vijana wote kwa miezi kadhaa unakuta wengi wako 400 hadi 410 na hakuna hata mmoja kati ya 370 na 399. Mauzo ya kweli hayajui namba 400, yanamwagika popote, ukiona yamejazana juu tu ya mstari na chini yake pako peupe basi kuna mtu anayasukuma. Cha tatu wiki ya kwanza ya mwezi ilikuwa inakufa kabisa, na katoni zinarudi stoo na sababu za ajabu ajabu, boksi limelowa, mteja kasafiri.

Hapo bado sijagusa mali kauli. Kamisheni ilikuwa inahesabiwa kwenye risiti, yaani mzigo ukitoka tu imehesabika, pesa ikija isije ni juu ya ofisi. Kijana aliyebakiza katoni 10 kufika tageti anampa mtu yeyote mwenye fremu. Na hapa ndo watu wanapima vibaya ukubwa wa hasara, wanasema deni la katoni moja ni 40,000 basi. Angalia, katoni isiyolipwa imekugharimu 36,000, faida yako ni 4,000, so inabidi uuze katoni 9 nyingine na zilipwe zote ndo urudi sifuri, na ukiongeza kamisheni ya 1,200 uliyokwishamlipa kijana kwa hiyo hiyo katoni, hata hizo 9 hazitoshi.

Halafu mali kauli ikikutana na keshi mkononi inazaa upigaji wenyewe. Mangi wa kwanza analipa 120,000 tarehe 5, kijana ana shida ya ada ya mtoto, anaishika. Tarehe 12 Mangi wa pili analipa 160,000, kijana anapeleka ofisini 120,000 kwa jina la yule wa kwanza na 40,000 anaipunguza kwenye deni la wa pili, wiki inayofuata wa tatu anamziba wa pili, inaenda hivyo hivyo. Kwenye daftari la ofisi unaona watu wanalipa, wanachelewa kidogo tu, hakuna deni linalokufa. Dalili yake ni kwamba kila deni la eneo hilo linachelewa kwa siku karibu zilezile, na malipo yanaingia vipande vipande wakati Mangi wa kawaida akilipa katoni analipa katoni nzima. Njia ya kulikamata ni rahisi kuliko ukaguzi wowote: mpe kijana likizo ya wiki moja, mtu mwingine akusanye. Ilipofanyika eneo moja, maduka manne yalisema "mbona nilishalipa", na mmoja akatoa karatasi yenye saini ya kijana.

Mama alitaka kumkata kijana kwenye mshahara mpaka deni liishe. Hapo nilimwomba asubiri, kwa sababu kwa waajiriwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inataka mfanyakazi apewe nafasi ya kujieleza, makato ya hasara yasizidi hasara yenyewe, na jumla ya makato isipite robo ya malipo yake. Kukata baada ya kulipa ni njia ndefu na yenye kesi. Kamisheni isiyolipwa kabla pesa haijaingia haihitaji kukatwa na mtu, na hilo likawa jiwe la kwanza la mpango mpya: katoni inahesabiwa siku pesa yake ilipoingia kwenye lipa namba ya kampuni, na ikirudishwa inatoka kwenye hesabu, na imeandikwa hivyo kwenye mkataba.

Jiwe la pili ni kuondoa ule ukuta wa 400. Tuliacha asilimia tukaweka shilingi, maana kijana yuko juani Kwa Mrombo anataka kujua hii katoni inanipa ngapi, hataki asilimia ya kitu. Katoni 250 za kwanza ni 600 kila moja, kuanzia ya 251 ni 1,100 kila moja, na hiyo 1,100 inahusu zile za juu tu, hairudi nyuma. Kwa hiyo tofauti ya 399 na 400 ni 1,100 basi, hakuna mtu mwenye akili atakayemrudishia mtu wa jumla 3,000 ili apate 1,100. Kanuni ninayoishikilia mimi ni hiyo moja, kwamba hatua yoyote kwenye mpango isilipe zaidi ya inavyogharimu kuidanganya. Ukuta wowote, hata ungekuwa mdogo, mtu ataupima urefu.

Na 250 haikutoka hewani. Mama aliweka dari kwamba mshahara, mafuta na kamisheni ya kijana kwa pamoja visizidi thuluthi mbili ya faida ghafi anayoleta, theluthi inayobaki ndo kodi ya stoo, gari, madeni mabovu na yeye mwenyewe. Kijana wa katoni 250 analeta 1,000,000, anagharimu 430,000 ya mshahara na mafuta, 150,000 ya kamisheni na kama 80,000 ya maduka nitakayoielezea sasa hivi, jumla 660,000, iko hapo hapo kwenye dari. Akiwa na 200 analeta 800,000 na anagharimu 630,000, dari imepasuka. Kwa hiyo chini ya 250 hakuna sababu ya kuongeza kiwango, juu yake mshahara na mafuta vimeshajilipa na kuna nafasi ya kumpa kijana zaidi.

Jiwe la tatu ni duka hai. Kinachotakiwa na msambazaji ni maduka mengi yanayorudi kununua, katoni 100 kwa mtu mmoja ni hatari na inampa huyo mtu nguvu ya kukupangia bei. Duka likinunua na kulipa walau katoni moja kwenye wiki 3 kati ya 4 za mwezi, kijana anapata 2,000. Kijana wa katoni 400 mwenye maduka hai 60 anapata 150,000 na 165,000 na 120,000, jumla 435,000, pungufu kidogo ya ile 480,000. Watu wa jumla wakatolewa kwenye kamisheni kabisa, wanapelekewa na gari la ofisi, kwa sababu wale wangenunua hata kijana akilala nyumbani, na kulipa kamisheni kwa mauzo ambayo yangekuja yenyewe ni kuchoma pesa.

Kikao cha kuwaeleza vijana ndo kilikuwa kigumu, nawaza biashara nyingi zinaharibia hapo, wanabandika tangazo ukutani na wote wanajua tu kwamba wamepunguziwa. Tulifanya hivi, kila mtu akapewa karatasi yenye mauzo yake mwenyewe ya mwezi uliopita yamehesabiwa kwa njia zote mbili. Dada wa Ngaramtoni alikuwa na katoni 312, hajawahi kufika 400 hata siku moja, alilipwa 124,800. Kwa mpango mpya 150,000 za mwanzo, 68,200 za katoni 62 za juu, na maduka hai 71 ambayo ni 142,000, jumla 360,200. Aliikodolea karatasi muda, akasema, "Mama samahani, kwa hiyo mwezi uliopita mimi ningechukua laki tatu na sitini?" Mama akamwambia ndiyo mwanangu. Huyu dada kwa mpango wa zamani alikuwa ndo wa mwisho mwisho kwenye ubao, na kwa kweli ndo alikuwa amejenga soko kuliko wote, kila Mangi wa Sakina anamjua kwa jina.

Lakini nisifiche, huyu dada sasa anaigharimu kampuni zaidi. Faida anayoleta ni 1,248,000, gharama yake imepanda toka 554,800 mpaka 790,200, iko chini ya dari lakini ni laki mbili na ushee zimeongezeka, na mama alihema. Malipo yake yanatoka upande wa pili, kwenye madeni yasiyokufa na bei isiyovunjwa Kilombero. Kijana wa mjini upande wake alikuwa anakula 480,000 kwa kukaa na watu wa jumla wawili, akipigiwa hesabu mpya kwa katoni zilezile 400 na vimaduka hai 12 inakuja 339,000, na watu wa jumla wakitolewa inabaki vumbi. Aliondoka ndani ya mwezi. Watu wa jumla hawakuondoka naye kwa sababu walikuwa wanafuata sabuni.

Mauzo yalishuka, hili watu wajiandae nalo kisaikolojia. Toka jumla ya katoni 2,100 kwa mwezi tukaenda 1,780 mwezi wa kwanza wa mpango, maana Kilombero kulikuwa na mzigo wa bei ya chini umelala na ilibidi uliwe kwanza. Msambazaji akiingiwa na hofu hapo akarudisha bonasi ya mwisho wa mwezi, amerudi kulekule. Mwezi wa tatu zilikuwa karibu 2,000, na zile siku 3 za mwisho zinabeba asilimia 14.

Motisha pia iko kwenye kasi ya malipo, sio kiasi tu. Sasa kila Jumamosi mchana kijana anatumiwa kamisheni ya wiki kwenye simu na meseji yenye katoni zilizolipwa, zilizorudi na zinazosubiri pesa, akiona kosa anapiga simu siku hiyo hiyo. Ile 2,000 ya maduka inakuja mwisho wa mwezi. Zote mwisho wa mwezi zinaingizwa kwenye mshahara kwa ajili ya PAYE, maana kamisheni ya mwajiriwa ni mapato ya ajira kama mshahara, usije ukadhani ukiituma kwa simu imejificha.

Mali kauli haikufutwa, ukiifuta Arusha unakuwa umefunga biashara. Duka jipya oda ya kwanza ni keshi, baada ya hapo mwisho katoni 3 kwa siku 7, na hupati nyingine deni la kwanza halijaisha. Mangi analipa lipa namba, akitoa keshi kijana anaiingiza siku hiyo hiyo kabla ya kufunga. Kila Mangi anatumiwa salio lake na ofisi moja kwa moja bila kupitia kwa kijana, na hiyo meseji moja imefanya kazi kuliko supavaiza. Supavaiza naye alikuwa na bonasi ya mauzo ya timu nzima, so ule mchezo wa Kilombero ulikuwa unamlisha na yeye, ndo maana ripoti zilikuwa zinasema duka limepunguza mzunguko. Bonasi yake imehamishiwa kwenye madeni yaliyopita siku 7, yakipungua anapata.

Duka hai nalo linaweza kuchezewa, kijana anagawa mzigo wa duka moja kwenye majina matatu. Kwa 2,000 inabidi atengeneze malipo matatu kwenye wiki tatu tofauti kwa namba ya simu isiyo yake, ni usumbufu mkubwa kwa hela ndogo, lakini atakayejaribu yupo. Ofisi kila mwezi inachagua maduka 10 kwa bahati nasibu, inapiga simu na mtu anaenda kuyaona. Duka moja likikutwa hewa, maduka yote ya huyo kijana ya mwezi huo yanakaguliwa kabla hajalipwa ile 2,000.

Kilichobaki bado kinabishaniwa ni maeneo. Wa Kisongo na Monduli anatembea umbali mrefu kati ya duka na duka, 250 kwake ni mlima, na alitaka apewe kiwango cha juu kuanzia katoni ya kwanza. Nilikataa, ukianza viwango tofauti kwa eneo basi mauzo ya mjini yataanza kuandikwa Monduli. Tumeongeza mafuta yake na kupunguza mstari wake mpaka 180, mama kakubali kwamba eneo hilo litapita dari kwa muda kwa sababu anataka kuwepo kule kabla mshindani hajafika, ila kaweka miezi 6. Na Desemba, wakati nusu ya mji imepanda magari kwenda Moshi na Rombo, maduka mengi yanafunga wiki mbili na hayawezi kutimiza wiki 3 kati ya 4, kwa hiyo mwezi huo duka hai litahesabiwa kwa wiki 2. Vijana ndo walilileta hilo, kwenye kikao cha Jumamosi, na lilikuwa ombi la haki.